Kusajili Mtihani Ukiwa Ihembe: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria na Kituo cha Bukoba

Wengi wetu kutoka Karagwe na Kyerwa ni walimu, watendaji na wahudumu wa afya tunaosoma huku tunafanya kazi, na chuo kinachotubeba ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, ila kwa mtu wa Kagera mlango wa chuo ni kituo cha mkoa kilichoko Bukoba. Nitazungumzia jambo moja tu: namna mtihani unavyomfikia mwanafunzi pale Bukoba, na kwa nini asiyeupangia mapema huukosa hata kama kasoma usiku na mchana.

Mwanafunzi anayeishi chuoni, tuseme Mlimani, haendi kuutafuta mtihani. Yuko darasani, jina lake limo kwenye orodha ya darasa, ratiba inabandikwa kwa mwaka mzima wa masomo, na ukumbi uko dakika chache kutoka bwenini. Likitokea kosa kwenye orodha, asubuhi ileile anakwenda idarani na jambo linatazamwa. Kwetu mambo yanaanzia upande wa pili. Kozi unachagua wewe kulingana na muda na fedha, kwa hiyo watu wawili walioanza pamoja wanaweza kuwa hawana hata mtihani mmoja wa pamoja. Chuo hakiwezi kujua kwamba wewe wa Ihembe unahitaji karatasi fulani mpaka useme, na unasema kwa kusajili. Karatasi za maswali huandaliwa na kusafirishwa kwenda vituoni kwa kufuata usajili huo. Msimamizi wa chumba anapofungua bahasha Bukoba, anakabidhi kilichoagizwa. Kozi ambayo hukuisajili, au uliyoisajili ukachagua kituo cha Mwanza, hawezi kukupa hata akikuonea huruma.

Usajili wenyewe unafanyika kwenye mfumo wa SARIS. Unaingia kwa namba yako ya usajili na nywila, unasajili kozi, mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu, kisha unasajili mitihani na kuchagua kituo. Mwisho unachapa kibali cha mtihani, ile karatasi inayoonyesha jina lako na misimbo ya kozi ulizosajili. Mtu mwenye mtandao mzuri anaimaliza kazi hiyo haraka. Matatizo hutokea katikati, kati ya kulipa na kusajili. Ujumbe wa simu unaosema malipo yamepokelewa unathibitisha kwamba fedha zimetoka kwako. Hauthibitishi kwamba umesajiliwa mtihani. Wako wanaolipa, wanaona ujumbe, wanafunga simu na kurudi shambani wakiamini wamemaliza. Siku ya kuchapa kibali wanakuta hakuna cha kuchapa, na dirisha la usajili limeshafungwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Ihembe, mwenye kozi nne muhula huu. Kwanza aangalie ratiba ya awali kabla ya ratiba ya mwisho kutoka. Kwa kuwa kozi zake huenda zinatoka miaka tofauti ya programu, mbili zinaweza kuangukia saa moja siku ileile. Chuoni mgongano huo ni nadra kwa sababu darasa zima hupangiwa pamoja. Kwetu ni jambo la kutarajiwa, na ratiba ya awali ndiyo nafasi ya kulalamika. Tuseme hakuna mgongano, na mitihani yake iko Jumatatu, Jumanne, Ijumaa, na Jumatano ya wiki inayofuata.

Sasa aitazame barabara. Kutoka Ihembe anapanda bodaboda hadi Kayanga au Omurushaka, kisha gari la Bukoba kupitia Kyaka. Kipande cha lami cha Bugene hadi Kyaka peke yake ni takriban kilomita 59, na kutoka Kyaka hadi Bukoba kimebaki kipande kingine kama hicho. Kwa mtihani wa saa tatu asubuhi hawezi kuanza safari Ihembe alfajiri ile, maana gari likingoja abiria Kayanga, mtihani umekwenda. Anahitaji kulala Bukoba kuanzia Jumapili. Kati ya Ijumaa na Jumatano aamue: arudi nyumbani na kulipa nauli mara mbili, au alale Bukoba siku zote hizo. Na ruhusa ya mwalimu mkuu lazima iombwe kwa tarehe kamili, jambo linalowezekana tu akishakuwa na ratiba ya mwisho mkononi. Kwa mwenzetu wa Murongo kule Kyerwa, hesabu hiyo ni nzito zaidi.

Ndiyo maana nasema wazi: kozi ya nne ile inastahili kufikiriwa kabla ya kusajiliwa, si baada. Mwenye uwezo wa kugharimia kukaa wiki moja tu asajili mitihani mitatu iliyokaribiana, wa nne ausogeze awamu nyingine. Kusajili mtihani kisha kutotokea kunaacha alama ya utoro kwenye kumbukumbu zako, na kuisafisha ni barua juu ya barua. Tena msisahau kwamba hata majaribio, ambayo mwenzetu wa Mlimani huyafanya darasani kwake, sisi huyafanyia kituoni kwa ratiba. Safari ya Bukoba basi ipangiwe bajeti zaidi ya mara moja.

Usiku wa kuamkia safari, weka kibali, ratiba na orodha ya kozi mezani, usome misimbo tarakimu kwa tarakimu. Kozi mbili zenye majina yanayofanana hutofautiana kwa tarakimu moja tu, na kosa hilo halionekani kwa kusoma jina. Hakikisha pia kituo kilichoandikwa ni Bukoba. Kosa likionekana hapo, bado una simu ya kupiga kituoni asubuhi; likionekana mlangoni mwa chumba, ni vigumu kulirekebisha.

Ndani ya chumba tofauti inaendelea. Chuoni watu mia tatu wanafanya karatasi moja, na mhadhiri aliyetunga maswali huweza kupita na kusema swali la tatu lina kosa la uchapaji. Bukoba, jirani yako wa kulia anafanya sheria, wa kushoto ualimu, nawe huenda uko peke yako kwenye kozi yako. Msimamizi si mtaalamu wa somo hilo. Ukiona swali lenye utata, mwambie aliandike kwenye taarifa yake, kisha wewe andika juu ya jibu lako namna ulivyolielewa, ujibu kwa msingi huo. Anayesahihisha yuko mbali na hatakuona; atasoma ulichoandika tu.

Chuo Kikuu Huria kimewahi kuanzisha pia mtihani wa kuombwa, uitwao ODEX, ambapo mwanafunzi anaomba tarehe akijiona yuko tayari. Kwa mwalimu wa Ihembe faida yake ni dhahiri: tarehe inaweza kuangukia likizo ya Juni au Desemba, ruhusa ikawa si tatizo, na mitihani miwili ikabanwa ndani ya safari moja. Ila unaombwa kwa kozi ambazo chuo kimeziruhusu, unasajiliwa kama mwingine, na unafanyiwa kituoni. Kwa hiyo kabla ya kusajili kozi za muhula ujao, mpigie simu afisa wa kituo Bukoba na umuulize kozi moja moja, kwa msimbo wake, kama inafanywa kwa ODEX au kwa ratiba.