Kutoka Gramu kwa Lita hadi Zao la Umumunyifu: Kalsiamu Floridi na Maji ya Kataboi

Kataboi iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yanayoingia, mengi yakiwa ya Mto Omo, huondoka kwa kuvukizwa na jua, na chumvi zake hubaki. Ndiyo maana ni maji ya magadi, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na floridi yake imepita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi hiyo ikinywewa miaka mingi tangu utotoni huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Sasa vitabu vya kemia huiorodhesha kalsiamu floridi, CaF₂, miongoni mwa chumvi zisizomumunyika. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa chumvi hiyo haimumunyiki, mbona floridi haijituamii chini na kuyaacha maji yakiwa salama? Hoja ya mada hii ni kwamba jibu limo katika zao la umumunyifu, Ksp, ila hatulipati tusipofuata uwiano wa ioni ndani ya fomula ya chumvi kila hatua, tangu mizani hadi tarakimu ya mwisho.

Tuanze na kipimo chenyewe. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, lita moja ya maji safi humumunyisha takriban gramu 0.016 za CaF₂. Gramu hizo hatuwezi kuziingiza moja kwa moja katika Ksp, kwa sababu Ksp hujali idadi ya ioni, haijali uzito wake. Moli moja ya CaF₂ ina gramu 78.1, basi 0.016 gawanya kwa 78.1 ni moli 2.05 × 10⁻⁴ kwa lita. Tuiite s. Kila kipande cha CaF₂ kinachomumunyika huachia ioni moja ya kalsiamu na ioni mbili za floridi. Ukolezi wa kalsiamu ni s, na wa floridi ni 2s, yaani 4.1 × 10⁻⁴. Ksp ni ukolezi wa kalsiamu mara mraba wa ukolezi wa floridi: s × (2s)², ambayo ni 4s³, na jibu ni 3.4 × 10⁻¹¹.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza huzuka, na lina haki ya kujibiwa kwa utulivu: je, hatujaihesabu ile mbili mara mbili, kwanza kwa kuzidisha, kisha kwa kupandisha kipeo? Hapana. Kuzidisha kwa mbili kunaeleza ni floridi kiasi gani imo majini, na mtu angeweza kukipima kiasi hicho bila hata kujua imetoka wapi. Mraba ni kanuni ya msawazo: ili chembe ya CaF₂ ijengeke upya, kalsiamu moja inahitaji floridi mbili. Anayeacha kuzidisha atapata s³, yaani robo ya jibu sahihi. Anayetumia s² kama kwa chumvi yenye ioni moja kwa moja atapata 4.2 × 10⁻⁸, kosa la zaidi ya mara elfu moja.

Uwiano huo pia ndio unaotuzuia kulinganisha Ksp za chumvi zenye uwiano tofauti kwa macho. Chukua bariamu sulfeti, ile poda nyeupe anayonyweshwa mgonjwa kabla ya picha ya eksirei ya tumbo. Umumunyifu wake ni karibu gramu 0.0024 kwa lita, na moli yake ni gramu 233. Hiyo ni moli 1.03 × 10⁻⁵ kwa lita, na kwa kuwa ioni ni moja kwa moja, Ksp ni s², yaani 1.1 × 10⁻¹⁰ hivi. Ksp hiyo ni kubwa kuliko ya kalsiamu floridi, lakini kalsiamu floridi humumunyika mara ishirini zaidi kwa moli. Anayetazama Ksp peke yake ataamini kinyume cha ukweli.

Wako walimu watakaosema kwamba yatosha mwanafunzi kukariri: s² kwa moja kwa moja, 4s³ kwa moja kwa mbili, 108s⁵ kwa tatu kwa mbili. Kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, sawa. Kwa maji ya Turkana, haitoshi. Tuseme kisima kina floridi miligramu 5 kwa lita, yaani moli 2.6 × 10⁻⁴. Floridi hiyo ilikuwapo kabla ya CaF₂ yoyote kuongezwa, kwa hiyo si 2s ya kitu chochote, na 4s³ haina kazi hapo. Kinachobaki ni zao lenyewe. Kalsiamu ikiwa miligramu 4 kwa lita, moli 1.0 × 10⁻⁴, zao ni 6.9 × 10⁻¹², dogo kuliko Ksp, na hakuna kitakachotuama. Kalsiamu ikiwa miligramu 40, zao hufika 6.9 × 10⁻¹¹, mara mbili ya Ksp, na mashapo yanaweza kuanza. Swali la mwanafunzi wetu limejibiwa: katika maji ya magadi kaboneti hushika kalsiamu na kuituamisha, na floridi hukosa mwenzi.

Pingamizi zito zaidi linahusu kipimo. Mizani ya shule inayosoma hadi gramu 0.01 ikipima masalia ya lita moja ya myeyusho huu itaonyesha 0.01 au 0.02. Ya kwanza inatoa Ksp ya 8 × 10⁻¹², ya pili 7 × 10⁻¹¹, tofauti ya mara nane, kwa sababu kipeo cha tatu hulikuza kosa la uzito. Kwa chumvi ya tatu kwa mbili, kama kalsiamu fosfeti, kipeo ni cha tano na hali ni mbaya zaidi. Tena fosfeti hubadilika majini kwa kuchukua haidrojeni, hivyo gramu zilizomumunyika hazituambii ukolezi wa ioni tunayoitaka. 108s⁵ hapo hutoa tarakimu isiyo na maana. Kwa CaF₂ tiba ipo: vukiza lita tano badala ya moja, chuja kwa karatasi laini ili vumbi la chumvi lisipite, hakikisha chumvi iliyobaki chini bado ipo, na andika halijoto, maana maabara ya Lodwar mchana huzidi nyuzi 25. Ni kweli pia kwamba ioni huvutana, na thamani halisi ya Ksp hushuka kwa kama sehemu moja ya sita. Hilo ni dogo mbele ya kosa la mizani.

Hesabu hii ina hukumu kwa wanaopendekeza chokaa kama dawa ya floridi. Myeyusho ulioshiba CaF₂ katika maji safi bado una floridi miligramu 7.8 kwa lita, mara tano ya kiwango. Ili floridi ishuke hadi 1.5, Ksp inadai kalsiamu ya moli 5.5 × 10⁻³, yaani miligramu 220 katika kila lita, na hizo zisalie zikiwa zimemumunyika. Katika maji yenye kaboneti nyingi kama ya Kataboi hazitasalia. Chokaa peke yake haitoshi huko, na anayepima kisima apime kalsiamu na floridi kwa pamoja kabla ya kununua gunia la kwanza.