Hotuba ya Mwenyekiti: Bili ya Hotelini na Haki ya Kila Mmoja



Leo nataka tuzungumzie jambo dogo linalovunja vikundi: bili ya hotelini. Tukisema "tugawane sawa", aliyekunywa chai anamlipia aliyekula samaki. Hatalalamika, ila safari ijayo atasema anaumwa.

Tuchukue mfano wa wanne. Wa kwanza aliagiza chai na chapati za shilingi 6,000. Wa pili wali kuku wa 14,000, wa tatu pilau ya 18,000, wa nne samaki wa 22,000. Jumla ya chakula ni 60,000. Hoteli ikaongeza ada ya huduma asilimia 10, yaani 6,000, ikawa 66,000. Juu yake ikaweka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, yaani 11,880. Bili nzima ni 77,880.

Wengine husema kila mtu alipe chakula chake, halafu ada na kodi tugawane sawa. Jamani, hapo pia mwenye chai anaonewa. Ada na kodi vinafuata bei ya chakula: samaki ndiye kavikuza, siyo chai. Kwa njia hiyo mwenye chai angelipa 10,470.

Njia ya haki ni hii. Gawanya bili nzima kwa elfu za chakula: 77,880 kwa 60. Unapata 1,298. Maana yake, kila elfu moja ya chakula inabeba shilingi 1,298. Basi mwenye chai, elfu sita, analipa 7,788. Wali kuku 18,172, pilau 23,364, samaki 28,556. Jumlisheni: inarudi 77,880 ile ile. Isiporudi, kuna aliyesahaulika, mara nyingi ni soda.

Sahani iliyoliwa kwa pamoja, kama mishkaki, igawanyeni kwanza kwa walioila tu, kila mmoja aongeze fungu lake kwenye chakula chake, ndipo mpige hesabu. Lakini gharama isiyofuata chakula, kama kukodi chumba, hiyo muitoe pembeni na kuigawa sawa kwa vichwa.

Tena, msikimbilie kuongeza kodi. Jumlisheni kwanza bei za vyakula. Zikilingana na jumla ya chini ya bili, basi kodi na ada vimo ndani tayari, hata kama kodi imeandikwa kwenye mstari wake. Hapo kila mtu analipa bei aliyoiona, basi.

Na mambo haya tukubaliane kabla ya kuagiza, siyo bili ikishafika mezani. Mwenye elfu nane mfukoni ajue mapema kwamba chai na chapati anaziweza, akae na wenzake kwa raha.