Pikipiki ni Yangu, Lakini Hesabu ni Yetu Sote

(Mawaidha yaliyotolewa Muyeye, Malindi, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.



Leo nataka tuzungumze jambo linalotugombanisha hapa hapa mtaani. Wewe una pikipiki, umempa kijana aendeshe bodaboda, mmepatana akuletee shilingi 300 kila jioni. Mwanzo analeta. Kisha yanaanza maneno: "Leo hakuna watu, bosi." Kesho simu haishiki. Mwisho unachoka, unakwenda steji mchana kweupe, unachomoa ufunguo mbele ya abiria. Je, una haki?

Hebu tutazame. Mapatano haya katika fiq-hi ni ijara, yaani kukodisha. Unauza manufaa ya chombo kwa muda unaojulikana na kwa bei inayojulikana. Ikiwa mmepatana kwa siku, basi kila jioni ijara moja imekwisha. Kwa hivyo hulazimiki kuendelea kesho. Lakini kumkatiza saa sita mchana, ilhali ameshatia petroli yake, ni kuvunja ahadi, na Suratul Maida inaanza kwa kutuamrisha tutimize ahadi zetu.

Sasa, deni. Mmoja wetu alikuja akisema kijana wake "amemla" shilingi 2,700. Tukakaa nao na daftari. Kwa siku 30 za kazi, hesabu ilikuwa iwe 9,000, na zilizofika ni 6,300. Kweli pungufu ni 2,700, siku tisa. Lakini siku tatu pikipiki ilikuwa kwa fundi, na si kwa kosa la kijana. Ijara hulipiwa manufaa, na manufaa hayakuwako. Toa 900. Kisha kijana alinunua cheni kwa 600 za mfukoni mwake baada ya kupiga simu na kuambiwa, "Tengeneza tu." Hilo ni juu ya mwenye chombo. Toa 600. Zikabaki 1,200, siku nne.

Katika hizo nne, siku mbili kijana alikuwa na homa, na pikipiki ilisimama uani kwake. Hapa wengi hukosea. Maadamu chombo ni kizima na ufunguo anao yeye, haki ya mwenyewe ipo. Ilimpasa kijana arudishe ufunguo mapema. Yule bwana kwa hiari yake akasamehe 600, na hiyo ni sadaka yake.

Siku mbili za mwisho je? Mwenye pikipiki alikuwa na desturi nzuri: kila jioni anaandika namba ya kilomita iliyo kwenye mita. Siku hizo mbili pikipiki ilitembea kama siku nyengine. Kijana akakiri kwamba pesa alizipata, akazipeleka kwenye kodi ya nyumba. Mita haisemi abiria wamelipa ngapi, lakini inakuonyesha kama chombo kilifanya kazi au kililala.

Jamani, tofauti hii ni kubwa. Asiyekuwa nacho, Suratul Baqara aya ya 280 inataka apewe muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye nacho akachelewesha, Mtume (S.A.W.) ameita hiyo ni dhulma. Lakini hata kwa huyu usimwambie, "Kila siku ukichelewa, ongeza hamsini." Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata uiite faini. Wala usimzuilie kitambulisho chake.

Basi walimalizana vipi? Bwana alikuwa ameshamuonya mara mbili, akaamua kusimamisha. Alimwambia siku tatu kabla, ili atafute chombo chengine. Siku ya mwisho baada ya Magharibi, kijana alirudisha ufunguo, kofia mbili na koti la kung'aa, wakaikagua pikipiki pamoja. Ikaandikwa karatasi: deni 600, kulipwa 100 kila Ijumaa kwa wiki sita, mashahidi wawili. Kuandika deni ni amri ya aya ya 282 ya Sura hiyo hiyo.

Na msidhani mtapeleka kesi hii kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Deni la kukodisha ni la mahakama nyengine. Karatasi na mashahidi ndiyo kinga yenu, na wazee wa msikiti wapo kusuluhisha.

Wewe mwenye chombo, kabla hujafuturu leo, fungua daftari utoe siku za fundi. Nawe dereva, kama pesa umezitumia, mwambie leo leo, usizime simu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.