Kufuli jipya mlangoni: nini unaweza kudai mwenye nyumba akikufungia kwa sababu ya kodi

(Maandishi ya maongezi yangu kwa vijana wa Ngara na Biharamulo)

Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo naomba niongelee kitu kimoja tu ambacho kila kijana mwenye fremu pale Nyakanazi, Benaco au Kabanga anakijua. Unadaiwa kodi. Asubuhi unakuja kufungua biashara, unakuta kufuli si lako. Friji iko ndani, bidhaa ziko ndani, na simu ya mwenye nyumba inaita tu, haipokelewi.

Wengi wetu hapo tunanyamaza kwa sababu moja: kweli tunadaiwa. Tunaona aibu. Lakini deni ni jambo moja, na kukutoa kwenye chumba ni jambo jingine. Ukidaiwa, mwenye nyumba anapata haki ya kudai pesa yake na ya kuanza utaratibu wa kusitisha upangaji. Hapati haki ya kuwa hakimu na dalali kwa siku moja.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Zamani tulikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, na mimi naona wapangaji walipoteza kingo kubwa siku ile. Hata hivyo, kilichobaki si bure. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 88, inaingiza kwenye kila mkataba wa pango ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa kwa amani bila kubughudhiwa, hata kama mkataba wenyewe haukuandika hivyo. Pango la mwaka mmoja au chini ya hapo linaweza kuwa la mdomo. Kwa hiyo yule anayekwambia "huna mkataba, huna haki" anakudanganya.

Na kodi isipolipwa? Inatakiwa kwanza ikae siku 30 bila kulipwa, ndipo mwenye nyumba atoe notisi ya maandishi ya kusudio la kusitisha pango. Notisi ikipita na wewe hujalipa wala hujatoka, anakwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba amri. Mwenyekiti wa kitongoji hawezi kutoa amri hiyo, mtendaji hawezi, na mgambo ndiyo kabisa. Mara nyingi wanaletwa ili kufuli lionekane la serikali. Waulize kwa adabu: "Wazee, amri ya baraza iko wapi?" Halafu andika majina ya waliokuwepo. Tena, Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kuingia kwenye jengo kwa nguvu ili kulitwaa, na haijali kama aliyeingia alikuwa na haki ya kuingia. Akivunja mlango au akija na watu wa kutishia, hilo ni la polisi pia.

Sasa tuje kwenye pesa. Nautunga mfano ili tuhesabu pamoja. Dada mmoja anauza samaki Benaco, kata ya Kasulo. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Alilipa mpaka Juni, Julai na Agosti hajalipa, kwa hiyo anadaiwa 120,000. Tarehe 3 Septemba anakuta kufuli jipya. Hakuna notisi. Ndani ya friji kuna samaki kilo 18 aliowanunua kwa 9,000 kila kilo. Baada ya siku 14 anapata fremu nyingine, na mwenye nyumba anamfungulia achukue vitu vyake. Umeme ulikatika, samaki wameoza.

Samaki ni 162,000. Faida yake halisi kwa siku, baada ya kutoa mtaji na gharama, ni 15,000. Siku 14 ni 210,000. Gari la kuhamisha vitu, 40,000. Jumla 412,000. Hii inaitwa fidia mahususi, na hapa ndipo watu wanapoanguka. Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe lililoripotiwa mwaka 1992, ilisema fidia ya aina hii lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Ukiandika tu "nimepata hasara ya milioni mbili" utatoka mikono mitupu. Dada yetu anahitaji risiti ya samaki au muuzaji aje kutoa ushahidi, daftari la mauzo, ujumbe wa malipo ya simu, picha za kufuli na za samaki zenye tarehe. Ile daftari chafu yenye mafuta ya samaki ina thamani kuliko hotuba ya wakili.

Mbona nimehesabu siku 14 tu? Kwa sababu mdai anatakiwa kupunguza hasara yake. Huwezi kukaa nyumbani miezi sita, fremu nyingine ziko wazi, halafu udai faida ya miezi sita.

Juu ya hiyo 412,000 anaweza kuomba fidia ya jumla kwa usumbufu, aibu mbele ya wateja na kuvunjiwa utulivu wake. Hii haina risiti. Baraza linakadiria lenyewe, kwa hiyo asiyekuahidi kiasi ndiye mkweli. Ipo pia fidia ya adhabu, lakini hiyo ni nadra. Uingereza mwaka 1978, kwenye shauri la Drane na Evangelou, mpangaji alitolewa kwa nguvu akiwa hayupo, na mahakama ikampa pauni 1,000 za namna hiyo. Uamuzi wa kule haulazimishi baraza letu, ila unaweza kulishawishi.

Na deni? Halifutiki. Mwenye nyumba atalidai, na baraza litakata 120,000 kwenye 412,000, zibaki 292,000 pamoja na fidia ya jumla. Ila kodi ya siku ulizofungiwa usikubali ihesabiwe. Kama ulikuwa umelipa mbele, dai irudishwe ile ya muda ambao hukukaa. Niwe mkweli pia: kama muda wa mkataba ulishaisha, ukaambiwa utoke ukagoma, kesi yako ni dhaifu zaidi.

Pa kuanzia ni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linakupa hati ya kuonyesha limeshindwa; zikipita siku 30 bila suluhu, unaruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya hata bila hati. Ukifika kule, kama bado umefungiwa, omba pia amri ya muda ya kufunguliwa, chini ya hati ya dharura, maana samaki hawasubiri hukumu. Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, Bukoba.

Kaka mmoja hapa mbele ameniuliza kama avunje kufuli. Usivunje, mdogo wangu. Utaibadilisha kesi yako ya madai iwe kesi ya jinai dhidi yako. Piga picha, ita mashahidi wawili, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi ukiorodhesha vilivyomo ndani vinavyooza na kumtaka afungue leo. Akijibu kwa matusi, usifute.

Mwingine ameuliza mkataba wa maandishi ambao haukulipiwa ushuru wa stempu. Baraza linaweza kuukataa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Nenda TRA uulipie kabla ya siku ya kesi, usisubiri wakili wa upande wa pili asimame kuupinga.