Kila Tarakimu na Kifungu Chake

Muhtasari wa bajeti unaweza kusema: "Mishahara isizidi asilimia 35 ya bajeti ya kaunti." Mwisho wa aya pameandikwa tu, "Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, 2012." Mhakiki atasoma sheria nzima, na kikao ni kesho asubuhi?

Mwandishi angeweka 107(2)(c) kando ya tarakimu, kasoro ingeonekana upesi. Kifungu hicho hakitaji 35. Kinaacha kiwango kiwekwe na kanuni. Kiwango chenyewe kimo katika Kanuni za Serikali za Kaunti za 2015, kanuni ya 25(1)(b), na huko ni asilimia 35 ya jumla ya mapato, si ya bajeti. Basi sentensi iandikwe: "Mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya jumla ya mapato [Kan. 25(1)(b)]."

Rejea ikae papo hapo baada ya tarakimu. Ripoti zisizo na vifungu hupewa ukurasa, ule uliochapwa chini ya karatasi. Namba ya kwenye skrini huhesabu hata jalada.