Kabla Hujafungua Ndoo ya Rangi

Msikilizaji, sebule nyingi za Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero huwa zimeshapata rangi mbili kabla fundi hajafungua ndoo. Ya kwanza iko chini na kwenye samani: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, makochi ya mtiki au mninga, milango ya mbao, na nje ya kizingiti udongo mwekundu unaorudisha mwanga ndani. Ya pili iko dirishani: kijani cha mwembe, cha migomba, na masika yakikolea, kijani cha mashamba ya mpunga. Mwenye nyumba akienda dukani kuchagua rangi ya ukuta huku hizo mbili hazimo katika hesabu yake, anachagua ya tatu gizani. Hoja yangu leo ni kwamba sebule ya bonde hili ipangwe kwa kuanzia na rangi ambazo hatuwezi kuzibadilisha, na kwamba kuta zifuate ujirani wa rangi hizo, huku rangi iliyo mkabala nazo ikiachiwa vitu vidogo vinavyohamishika.

Ujirani na mkabala huo unasomwa kwenye duara la rangi. Isaac Newton alichora duara kama hilo katika kitabu chake cha mwaka 1704, na wachoraji waliomfuata wakalifanya chombo cha kazi. Zungusha akilini nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu na zambarau, kisha zambarau irudi kukutana na nyekundu. Rangi zinazopakana, kwa mfano njano, chungwa na nyekundu ya udongo, ni rangi jirani. Zinazotazamana kwa kuvuka katikati ya duara ni rangi mkabala: nyekundu na kijani, chungwa na buluu, njano na zambarau. Kahawia haina kiti chake kwenye duara hilo, na hapo wengi hupotea, kwa sababu huiona kahawia kama rangi isiyo upande na kuamini kwamba makochi ya mbao yanakubaliana na chochote. Ukweli ni kwamba kahawia ya mbao ni chungwa iliyotiwa giza. Kochi la mtiki limekaa upande wa chungwa, la mninga limesogea kidogo kuelekea nyekundu, na kila moja linauvuta ukuta ulio nyuma yake.

Mvuto huo umechunguzwa kwa makini, na aliyeueleza vizuri kuliko wengine alianzia kwenye malalamiko ya wateja. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, jijini Paris. Ilisemekana kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu pale zilipotumika kuweka kivuli kwenye nguo za buluu na zambarau. Chevreul aliupima weusi wenyewe akaukuta hauna kasoro. Tatizo lilikuwa buluu na zambarau zilizofumwa kando yake, ambazo zililifanya jicho lione weusi ule umefifia. Katika kitabu alichotoa mwaka 1839 alionyesha kwamba rangi mbili zikilazwa bega kwa bega, kila moja humsukuma jirani yake kuelekea mkabala wake mwenyewe. Tabia hiyo ya jicho unaweza kuiona mwenyewe bila maabara. Kazia macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika bila kupepesa, kisha hamishia macho kwenye karatasi nyeupe, na utaona umbo la kitambaa kile likiwa na rangi ya kijani chenye buluu. Jicho lililochoshwa na nyekundu linautengeneza mkabala wake lenyewe.

Sasa tuingie kwenye sebule moja ya mfano: upana mita 4, urefu mita 5, kimo mita 3, sakafu nyekundu, makochi ya mtiki, dirisha kubwa linalotazama mwembe na mashamba. Mwenye nyumba anapenda kijani, anapaka kuta zote nne kijani kilichokolea. Kwa duara, amefanya jambo linaloonekana sahihi, maana nyekundu na kijani ni mkabala. Lakini amezipa zote mbili nguvu nyingi na eneo kubwa. Sakafu inazizidishia kuta ukijani, kuta zinaizidishia sakafu wekundu, na pale ukuta unapokutana na sakafu macho hayatulii, mstari unaonekana kama unatetemeka. Zaidi ya hapo, kijani cha mwembe kilichokuwa kinaingia dirishani kama kitu cha pekee kimezamishwa na kijani cha ndoo. Hata angepaka nyeupe, isingesalimika katika chumba hicho. Jua la asubuhi likianguka sakafuni, mwanga unaoruka kutoka kwenye saruji nyekundu huipaka sehemu ya chini ya ukuta mweupe uwaridi, na wengi humlaumu fundi kwamba ameongeza maji kwenye rangi.

Njia ninayoipendekeza ni kuzipa kuta rangi jirani ya mbao na sakafu, ikiwa imepaushwa sana: maziwa yenye dalili ya njano, au rangi ya mchanga, au rangi ya pumba za mpunga kwa anayetaka ukuta uwe na uzito kidogo. Uwaridi ule unaoruka kutoka sakafuni ukifika kwenye ukuta wa aina hiyo unapokelewa kama ndugu, hauonekani kuwa doa. Mapazia yaingie katikati ya ujirani huohuo, labda haradali au udongo wa kuchoma, hatua moja iliyokolea kuliko ukuta. Kisha inakuja zamu ya mkabala. Kwa kuwa mbao ziko upande wa chungwa, mkabala wake ni buluu, na buluu hiyo iwekwe kwenye mito miwili mitatu, kitambaa cha meza, labda fremu ya picha. Wapambaji wengi hugawa chumba kwa sitini, thelathini na kumi katika kila mia, kumi hiyo ikiwa ndiyo rangi ya kushitua. Sipendi kuifanya sheria, lakini uwiano huo unaeleza jambo la kweli: buluu ikiwa kidogo inaufanya mtiki uonekane una joto na uhai zaidi, ikiwa nyingi inaanza kugombana nao. Buluu iliyotiwa kijivu, kama ya nguo iliyofuliwa mara nyingi, inafanya kazi hii vizuri kuliko buluu kali ya turubai.

Ujirani huu wa njano na kahawia una sababu nyingine inayotoka nje kabisa ya nyumba. Dirisha la Kilombero halina rangi moja mwaka mzima. Masika, mpunga umesimama, dirisha ni kijani. Unapofika wakati wa kuvuna, dirisha lilelile ni njano, na kiangazi kikikaza linakuwa kahawia na vumbi. Sebule iliyopangwa kwa njano na kahawia hukubaliana na miezi ya mavuno kama jirani, na miezi ya mvua hupewa kijani bure na dirisha, kikiwa katika eneo dogo lenye mipaka ya fremu, mahali panapofaa kabisa kwa rangi yenye nguvu. Sebule iliyopakwa kijani kote hupendeza msimu mmoja tu, ukipita inabaki peke yake.

Kuna watakaosema kwamba mama zetu hawakuhitaji duara la Newton ili wajue rangi, na kwamba kanga na vitenge huweka nyekundu juu ya kijani na zambarau juu ya njano bila kumchosha mtu. Hoja hiyo naiheshimu, na jibu lake limo ndani ya kitambaa chenyewe. Tazama kwa makini kanga au kitenge chenye rangi mkabala. Mara nyingi utakuta kati ya rangi hizo umepita mstari mweusi, au pengo la nyeupe, linalozizuia zisigusane moja kwa moja. Mchora nakshi ameitatua shida ileile ya ukuta na sakafu. Kwa hiyo mwenye sakafu nyekundu ambaye tayari ana makochi ya kitambaa cha kijani hana haja ya kuyauza. Atandike mkeka wa ukili usiotiwa rangi au zulia la rangi ya maziwa chini yake, upana wa kutosha kuzidi miguu ya makochi pande zote, na mtetemo utapungua sana. Tena kanga ni kitambaa kinachotembea na kukunjika, ukuta umesimama na unakuzunguka. Rangi ileile iliyo tamu kwenye karatasi ndogo ya sampuli dukani huonekana imekolea zaidi ikishafunika ukuta mzima, ndiyo maana anayependa sampuli fulani afikirie kununua iliyopauka zaidi yake kwa hatua moja.

Wengine watauliza kama rangi za njano na udongo hazitaongeza joto katika mji ambao tayari una joto. Ukuta wa ndani uliopakwa buluu haushushi nyuzi za kipimajoto. Joto la sebule ya Ifakara linatoka kwenye bati, na dawa yake ni dari na madirisha yanayopitisha upepo. Hisia ya ubaridi ambayo baadhi ya watu huipata wakitazama buluu ni ya kweli kama hisia, na anayeithamini anaweza kubadilisha: kuta za buluu iliyopauka sana, mbao zikawa ndizo mkabala mdogo. Mpango huo unafaa hasa kwa mwenye sakafu ya vigae vya kijivu au vyeupe. Kwa mwenye sakafu nyekundu ni mgumu, kwa sababu eneo la rangi ya joto limeshakuwa kubwa mno.

Kikwazo ninachokiona kizito kuliko hivyo vyote ni taa. Balbu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimeandikwa 6500K kwenye boksi, na mwanga wake unaelekea buluu. Chini yake haradali hugeuka kijani kibichi cha kuumwa, na mtiki hufa. Balbu iliyoandikwa 3000K hutoa mwanga wa njano unaoilinda mipango ya rangi jirani, ila huifanya mito ya buluu ionekane ya kijivu. Duara la rangi halisemi lolote kuhusu jambo hili, na mpango uliopendeza saa nne asubuhi unaweza kuharibika saa mbili usiku.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kulipia ndoo ya lita 20, nunua lita moja. Paka mara mbili ubao wa mita moja kwa mita moja, uache ukauke mpaka kesho yake, maana rangi ya maji hubadilika ikikauka. Uegemeze nyuma ya kochi, ukingo wake wa chini ukigusa sakafu. Utazame asubuhi, utazame jioni, kisha uwashe taa mtakayoitumia kila siku na uutazame tena. Ukiona ukingo ule wa chini unatetemeka, au mbao zako zimefifia kuliko zilivyokuwa jana, rangi hiyo usiinunue.