Gari Likivuta Kulia, Tazama Kushoto

Ndugu msikilizaji, gari likienda sawa barabarani, kisha likavuta upande mmoja pale tu unapokanyaga breki, kwa kawaida kosa haliko kwenye alaimenti. Tairi zilizokaa vibaya huvuta hata mguu ukiwa mbali na breki.

Jirani yangu, dereva wa teksi hapa Dar es Salaam, alilipia alaimenti mara mbili. Kila akifunga breki gari lilivuta kulia, na sisi tunaoendesha kushoto tunajua kulia ndiko yanakotokea magari yanayokuja. Fundi mmoja akafungua gurudumu la mbele la kulia, akabadili pedi. Gari likaendelea kuvuta.

Alikuwa anamtibu mzima. Gari huvutwa na gurudumu linaloshika. La kulia lilikuwa likishika vizuri. La kushoto ndilo lililokuwa limelala.

Fundi wa pili alianza kwa kuliendesha, akifunga breki mara kadhaa. Aliposimama alisogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele, bila kugusa. Ya kulia ilitoa joto, ya kushoto ilikuwa karibu baridi. Hapo akabaki na washukiwa wawili: kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, au mpira unaopitisha mafuta ya breki kwenda kwenye kalipa hiyo.

Akamwomba dereva akanyage breki, naye akalegeza skrubu ya kutolea upepo. Kulia mafuta yaliruka kwa nguvu. Kushoto yalidondoka tu. Angeona yanaruka sawasawa pande zote, angeshuku pistoni iliyoganda kwa kutu, au pini za kalipa zilizokauka. Lakini mafuta hayakufika, basi mpira ulikuwa umeziba.

Kwa nje mpira ule ulionekana mzima. Ni ndani ulikokuwa umevimba na kujifunga. Mara nyingi huzeeka tu. Mara nyingine huumizwa na fundi anayefungua kalipa akaiacha ining'inie kwenye mpira badala ya kuifunga kwa waya.

Mpira huohuo waweza kufanya kinyume: ukaruhusu mafuta kuingia na kuyazuia kurudi. Hapo gurudumu hubaki limebanwa hata ukiachia breki, na hupata joto kupita mwenzake. Piga jeki, lizungushe kwa mkono. Likigoma, legeza ile skrubu: likiachia, mshukiwa wa kwanza ni mpira, likibaki limebanwa, tazama kalipa.

Jirani yangu alibadilishiwa mipira ya mbele yote miwili, kwa kuwa ilikuwa na umri mmoja, upepo ukatolewa, na gari likasimama kwenye mstari wake.

Basi, msikilizaji, fundi akikimbilia upande ambao gari linavutia, mwulize kwanza: je, upande wa pili umeupima?